Yu Tun wa Miaka Kumi na Moja

Asubuhi ya sikukuu ya kikundi chake cha ngoma, Yu Tun alikuwa barazani akimenya vitunguu, simu ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Alitaka kuona tena namna marehemu Mbah Karsun, mzee aliyemfundisha, alivyoinua mkono kwenye sehemu ya tatu ya ngoma ya Banyu Muntir, maana watoto wangeicheza jioni ile na yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Video ilikuwa kwenye Pendar, mtandao wa picha ambao kikundi kilijiunga nao tangu mwanzo wake. Alipoufungua, badala ya video alikuta swali.

"Sekar Serayu, ulizaliwa lini?"

Hakuwa amepata kuulizwa hivyo. Alipojiunga, enzi zile, Pendar ilitaka jina na namba ya simu tu. Lakini serikali ilikuwa imetoa kanuni mpya ya kuwalinda watoto mitandaoni, na sasa mitandao ilikuwa inawarudia hata wateja wa zamani. Alitafuta pa kuliruka swali, hapakuwapo.

Sekar Serayu ni jina la kikundi, si lake. Yeye ni Sriyatun, na hapa kwetu jina refu hubaki mkia: Yu Tun, dada Tun. Akafikiri kidogo, kisu mkononi. Kikundi kilizaliwa siku kama ya leo, barazani hapa hapa, watoto wanne na ngoma moja iliyopasuka. Kimeulizwa kilizaliwa lini. Akaijibia Sekar Serayu ukweli, akachagua siku, mwezi na mwaka wa kuanzishwa, akabonyeza.

Kioo kikawa cheupe. Kisha yakaja maneno: kwa tarehe uliyotoa, hujafikisha miaka kumi na tatu, ambao ndio umri wa chini wa kutumia Pendar. Akaunti imefungwa. Ikiwa kuna kosa, tuma uthibitisho wa umri ndani ya siku thelathini. Muda huo ukipita, akaunti na vyote vilivyomo vitafutwa, na havitarudishwa.

"Pakne!" akamwita mumewe. "Njoo unisomee hapa. Macho yangu yana vitunguu."

Wartam alitoka nyuma ya nyumba na matope ya bwawa la samaki miguuni. Akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Wanasema wewe mtoto," akasema.

"Nimeona. Wanasema nini tena?"

"Kwamba watafuta. Bune, usiguse kitu. Hawa matapeli. Umesahau mjomba wetu Lik Narko alivyofungua mwaliko wa harusi kwenye simu, simu ikatekwa, ukoo mzima ukaanza kuombwa misaada kwa jina lake? Funga."

Yu Tun akafunga. Alirudi kwenye akaunti mara moja tu, kujaribu kuandika mwaka mwingine, lakini ukurasa wa tarehe ulikuwa umeondoka. Mtu akishasema ana miaka kumi na moja, Pendar haimwachii kusema dakika ileile kwamba ana hamsini na mbili. Mtoto yeyote angefanya hivyo.

Jioni wali wa manjano ulisimama katikati ya baraza kama mlima, na kileleni mtu alikuwa amechomeka mshumaa wenye umbo la 11. Wazazi walirusha sherehe moja kwa moja kwa simu zao, kila mmoja akiitaja Sekar Serayu, na pongezi zikamiminika: hongera kwa kutimiza miaka kumi na moja, kua vizuri, mwaka wa kumi na mbili uwe wa heri. Watoto walipofika sehemu ya tatu ya ngoma, nusu waliinua mkono hadi begani na nusu wakauacha kiunoni. Wazazi hawakuona kitu. Yu Tun aliona, na hakujua nani kakosea.

*

Hapa lazima niseme habari za Mbah Karsun, maana bila yeye akaunti ile ingekuwa akaunti tu.

Mbah Karsun alikuwa mcheza ngoma ya lengger wa kiume, wa wale wa zamani waliovaa kitambaa cha kifuani na maua kichwani wakacheza kama mabibi arusi usiku kucha kwenye mavuno. Wakati Yu Tun ni msichana, ngoma hiyo ilikuwa inachekwa, na mzee alikuwa anajipatia riziki kwa kuchota mchanga wa mto Serayu pamoja na baba yake Yu Tun. Alimfundisha yule binti mchangani, wakati wa mapumziko. Sehemu mbili za kwanza za Banyu Muntir wengi walizijua. Ya tatu na ya nne alizijua yeye peke yake.

Miaka ya mwisho, magoti yalipomchoka, Yu Tun alimketisha kwenye kiti cha rotani mbele ya simu akamrekodi moja kwa moja ndani ya Pendar. Akiwa na nguvu alisimama. Akichoka alicheza kwa mikono tu, na kwa mdomo akiigiza ngoma. Alikufa miaka mitatu iliyopita. Simu iliyomrekodi ilimponyoka Yu Tun kwenye bwawa la mumewe mwaka huohuo. Kila kilichobaki cha mikono ile kilikuwa ndani ya akaunti iliyofungwa.

*

Kwa sababu ya onyo la Wartam, wiki ilipita hivihivi. Kila asubuhi Yu Tun aliwasha simu akikuta maneno yaleyale, ila hesabu ya siku ilikuwa inapungua. Mwisho alishindwa kuvumilia. Alijifunga kilemba akaenda kwenye kibanda cha simu cha Kang Darsim, kaka Darsim, njia panda ya soko.

Kang Darsim anauza vocha, anasajili laini na anabadilisha vioo vya simu. Hana meno mawili ya mbele, na mdomo wake haujapata kupumzika.

"Karibu, mdogo wangu," akasema baada ya kusoma simu yake. "Mama yako anajua uko hapa? Nikuuzie peremende?"

"Kang, nimekuja na moyo mkononi."

"Naona. Ila Yu, miaka kumi na moja! Na mvi zote hizo! Watoto wa siku hizi wanakua haraka."

Wateja wawili wakacheka. Yu Tun hakucheka, na Darsim akaona. Akafuta vidole kwa kitambaa, akasoma upya kwa makini.

"Huu si utapeli," akasema. "Ujumbe haujakuomba neno la siri, haujakupa kiungo cha kubonyeza. Uko ndani ya Pendar yenyewe. Wamekufungia kweli. Wanataka hati."

"Hati gani?"

"Ya kuthibitisha tarehe. Wana mashaka na tarehe yako. Wewe umesema kikundi kimezaliwa siku ile. Kina cheti?"

Cheti kilikuwepo, cha ofisi ya kijiji, kimetundikwa ukutani ndani ya fremu, kina muhuri na tarehe ya kuanzishwa. Yu Tun akarudi nyumbani mbio, akakishusha, akakileta. Walikipiga picha kikiwa ndani ya kioo, wakakipiga tena bila kioo maana taa iling'aa. Darsim akapakia, akabonyeza, akajipiga kifua.

"Serikali imeweka muhuri. Nani atabisha?"

Jibu lilikuja siku ya tatu, wakati Yu Tun yuko kwa Darsim akisubiri laini ya mumewe isajiliwe. Darsim alisoma kwa sauti, na kila neno sauti ilishuka.

"Tumepitia ombi lako. Hati uliyotuma haimtambulishi mtu. Tarehe iliyomo inalingana na tarehe uliyotoa, na inaonyesha kwamba mwenye akaunti hajafikisha umri. Akaunti itaendelea kufungwa. Unaweza kuomba ipitiwe mara moja zaidi."

Nje muuza mboga alipita akipiga kengele.

"Mara moja zaidi," akasema Yu Tun.

"Yu, mimi..."

"Tumewapelekea ushahidi, Kang. Wao walikuwa na mashaka, sisi tumewaondolea. Sasa wana muhuri wa kijiji kwamba mimi mtoto."

"Na ile sherehe," Darsim akasema taratibu, kama mtu anayejichoma mwiba mwenyewe. "Mshumaa. Pongezi zote zile zimeitaja akaunti yako. Akipitia mtu ataona nini? Nyuso za watoto, keki ya wali, na watu mia wanaosema hongera kumi na moja."

Yu Tun alishika ukingo wa meza. Alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoelewa kuwa hakuna adui upande ule. Mtu yeyote mwenye akili, akitazama vile walivyotazama wao, angeifunga akaunti ile.

*

Habari husambaa. Kesho yake, mazoezi yalipokwisha, Bu Retnani, yaani Mama Retnani, alibaki barazani. Ni mama yake Kinanthi, mchezaji mwepesi kuliko wote wa kikundi, na ni mtu anayesema kila kinachomjia.

"Jamani, Bu Tun, mimi nacheka mpaka mbavu. Wewe una kumi na moja, na Kinanthi wangu huko Pendar ana thelathini na saba!"

"Kinanthi? Si ana kumi na moja kweli?"

"Ndiyo, lakini alisema marafiki wote wamo. Walipouliza mwaka, alisogeza ile namba tu mpaka ikasimama. Ikasimama mwaka wa themanini na nane. Ikakubali. Hakuna aliyeuliza kitu."

"Na tangu hapo hakuna aliyemshuku?"

"Nani amshuku? Haweki sura yake. Anaweka paka."

Kinanthi alikuwa amekaa ngazini akivua njuga za mguuni. Alisikia, akainamisha kichwa. Yu Tun akamgeukia.

"Nanthi. Watu wakubwa wanakuandikia huko?"

"Wachache tu, Bu."

"Wanaandika nini?"

Mtoto akatazama mama yake, kisha njuga. "Mmoja anapenda paka. Anasema yeye pia hajaolewa. Hajaoa. Anauliza kama ninaishi peke yangu."

Bu Retnani aliacha kucheka. Alinyoosha mkono, na Kinanthi akampa simu bila kuambiwa. Mama alisoma amesimama, kidole kikipanda na kushuka, na uso wake ukabadilika rangi taratibu kama nguo inayoingizwa majini. Mtu yule hakuwa amesema jambo chafu. Alikuwa amezungumza kwa wiki nyingi na mwanamke wa miaka thelathini na saba, kwa subira, akiuliza jambo moja moja. Pendar inajua kuwazuia watu wazima wasiowafahamu wasiwaandikie wenye umri mdogo. Kwa Kinanthi haikuzuia kitu, kwa sababu kwake hapakuwa na mtoto.

"Tunakwenda nyumbani," Bu Retnani akasema. Kisha, mlangoni, kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia kwake: "Bu Tun, mimi nilimshikia hiyo simu alipokuwa anasogeza namba. Nilikuwa nakaanga, sikutazama."

*

Ombi la pili lilikuwa la mwisho, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuligusa. Siku zilikwenda. Yu Tun alifundisha sehemu ya kwanza na ya pili, akaruka ya tatu. Usingizini mkono wake ulipanda begani. Akiamka ulikuwa kiunoni. Alijaribu kukumbuka mchanga, na maji, na mzee amesimama na sepetu, na kila alipofika kwenye mkono, mkono haukuwapo.

Kang Darsim, akiumwa na kosa lake, alitafuta njia. Aliwaita Yu Tun na Wartam kibandani, akashusha nusu ya mlango.

"Kuna dalali mjini Purwokerto. Anafungua akaunti zilizofungwa. Anatengeneza kitambulisho, jina Sekar, jina la pili Serayu, mtu mzima. Amenitumia mfano."

Akawaonyesha kwenye simu. Kilikuwa kitambulisho kizuri, rangi ya samawati kama vyetu, na picha ya mwanamke wasiyemjua.

"Sekar Serayu ni mtu sasa?" Wartam akauliza.

"Akaunti ina jina hilo, Pakdhe," Darsim akamwambia. "Jina linalingana, umri unatosha."

"Na wakigundua?"

"Wakigundua..." Darsim akakuna kichwa. Akaisogeza picha karibu, kama asajilivyo laini kila siku, na macho yake yakaenda yenyewe kwenye namba ya kitambulisho. Akahesabu kwa kidole.

"Nini?" Yu Tun akauliza.

"Tarehe ya kuzaliwa imo ndani ya namba. Siku, mwezi, mwaka. Na mwanamke huongezewa arobaini kwenye siku. Huyu amezaliwa tarehe kumi na nane, namba ingesema hamsini na nane. Inasema kumi na nane." Akacheka bila furaha. "Amemfanya mwanamume. Hata kudanganya hajui, na anajiita fundi."

"Lakini hujui kama wao wanaiangalia hiyo namba," Wartam akasema.

"Sijui. Labda hawaangalii."

Wote wawili wakamtazama Yu Tun. Aliitazama picha ya yule mwanamke asiye mtu.

"Nimefungiwa kwa kusema kweli vibaya," akasema. "Sitafunguliwa kwa kusema uongo vizuri. Wakishika karatasi ya uongo, hakuna wa kumlilia tena. Nitatoa changu."

"Ndicho nilichosema tangu mwanzo," Wartam akasema.

"Tangu mwanzo ulisema matapeli."

"Baada ya hapo."

Lakini kitambulisho chake mwenyewe kilikuwa na jambo lake, na hilo ndilo lililokuwa limemfanya asite siku zote zile. Kilisema alizaliwa tarehe thelathini na moja Desemba. Nusu ya wenzake wa rika lake kijijini walizaliwa siku hiyo. Karani wa zamani, akikuta mzazi asiyejua tarehe, aliandika siku ya mwisho ya mwaka na kumaliza kazi. Mama yake Yu Tun alijua tu kwamba ilikuwa Jumatano ya Wage, kwa kalenda yetu ya siku tano za soko, na mpunga ulikuwa umeanza kunona. Mpunga haunoni Desemba.

"Kang, hii nayo si tarehe yangu," akasema. "Nimekosea tarehe mara moja. Nikiwapa hii, si nawapa nyingine ya uongo?"

Darsim alishangaa. "Yu, hiyo ndiyo tarehe yako. Umeolewa kwa tarehe hiyo. Umepiga kura kwa tarehe hiyo. Mungu ana ya kwake, serikali ina ya kwake."

"Na Pendar?"

"Pendar inataka ile iliyo kwenye kadi. Haikuulizi mpunga."

Wartam akatikisa kichwa kwamba ni kweli. Yu Tun akatoa kadi kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza kama mtu anayeweka kisu.

*

Ombi walilifanya nyumbani kwake mchana, maana kibandani taa ya buluu inapotosha nyuso. Darsim aliketi pembeni akisoma masharti mara mbili kabla ya kila hatua. Mvua ilikuwa imeanza, na kila mvua mawimbi ya simu hapa kwetu huchechemea.

Kwanza fomu. Jina la kwanza: Sriyatun. Jina la ukoo: haliwezi kuachwa wazi.

"Sina jina la ukoo."

"Wenye jina moja wanaandika mara mbili," Darsim akasema. "Mimi benki ni Darsim Darsim. Nimezoea, kama mwangwi."

Akaandika Sriyatun Sriyatun. Kulikuwa na nafasi ndogo ya maelezo, na Darsim alitaka kuandika hotuba. Yu Tun akamnyang'anya simu. Aliandika mwenyewe kwamba akaunti ni ya kikundi cha ngoma cha watoto, inaendeshwa na yeye, mtu mzima. Kwamba aliandika tarehe ya kuanzishwa kikundi badala ya tarehe yake ya kuzaliwa. Kwamba cheti alichotuma ni cha kikundi. Hakuandika habari za Mbah Karsun. Darsim alimwuliza kwa nini.

"Hawakuniuliza nani amekufa. Wameniuliza umri."

Halafu picha ya kadi, pembe zote nne zionekane. Halafu video ya uso, kuonyesha kwamba mwenye kadi ni mtu hai na ni huyohuyo.

"Geuza kichwa kushoto," Darsim akasoma. "Kisha kulia."

Yu Tun aligeuza. Lakini shingo yake haijapata kugeuka kama za watu. Ilitanguliza kidevu, ikasita, ikateleza pembeni huku macho yakibaki mbele, kama alivyofundishwa mchangani. Duara kwenye kioo likawa jekundu: muda umekwisha.

"Yu! Geuza, usicheze!"

"Ndivyo ninavyogeuka."

"Geuka kama mtu anayeitwa na mwenye deni lake!"

Akajaribu tena. Safari hii aligeuka kushoto vizuri, na duara likaanza kujaa kijani, na papo hapo, nyuma ya bega lake, dirishani, ikatokea sura ya mtoto aliyelowa mvua. Nyuso mbili zimeonekana, kikasema kioo. Anza upya.

"Nani huyo!" Darsim akapiga kelele. "Tunathibitisha kwamba si mtoto, na mtoto anaingia!"

Alikuwa Kinanthi. Alikuja na mwavuli wa mama yake, hakuufungua.

"Umebakiwa na jaribio moja," Darsim akasoma. "Likishindikana, uanze saa ishirini na nne baadaye."

Na siku zilizobaki zilikuwa mbili. Wartam aliinuka akafunga dirisha, akamwelekeza Kinanthi aingie aketi chini ya meza ya jikoni, na mtoto akatii. Mvua ilipiga bati. Yu Tun alifumba macho, akaivua shingo yake ngoma yote ya miaka arobaini, akafumbua. Kushoto. Kulia. Juu kidogo. Alikuwa na uso wa mtu yeyote anayesubiri zamu hospitali.

Duara likajaa. Kisha kimshale kikaanza kuzunguka: inatuma. Kikazunguka. Mawimbi yalibaki mstari mmoja, yakapotea, yakarudi. Darsim aliinua simu juu ya kichwa, akatembea nayo mpaka mlangoni, akatoka nayo mvuani ameifunika kwa shati lake, tumbo wazi, akasimama juu ya kichuguu cha mchanga cha jirani.

"Imeenda!" akapiga kelele kutoka huko. "Imeenda, jamani!"

Kinanthi akatoka chini ya meza. "Mama amefuta Pendar yangu," akamwambia Yu Tun. "Nimekuja kukuambia hivyo. Amemripoti yule mtu pia. Nimekasirika."

"Kasirika," Yu Tun akasema, akimkausha nywele kwa upindo wa kanga. "Ni haki yako."

"Nitarudi lini?"

"Ukifika kumi na tatu."

"Lakini nikiandika themanini na nane, nani atajua?"

"Mimi. Na mama yako sasa anajua. Na wewe."

Kinanthi alifikiri. "Wewe ulisema kweli wakakufungia."

"Ndiyo," Yu Tun akasema. Akaukamua upindo wa kanga.

*

Siku ya mwisho alikaanga mendoan tangu asubuhi, tempe nyembamba za soya ndani ya unga laini, mafuta yakichemka, ili mikono isishike simu. Wartam aliketi karibu na jiko akila kila kinachotoka na pilipili mbichi, jambo ambalo daktari amemkataza, na leo Yu Tun hakumkataza. Simu ilikuwa dirishani. Darsim alifunga kibanda, akaja, akasema alikuwa anapita tu.

Ilipolia, hakuna aliyekwenda.

"Soma wewe," Yu Tun akasema, mgongo wake kwao.

Darsim akasoma kwanza kimya. "Tumepitia ombi lako," akasema. "Tumethibitisha umri wako. Akaunti imefunguliwa. Tarehe ya kuzaliwa imewekwa kulingana na hati, na huwezi kuibadilisha." Akavuta pumzi. "Yu, Desemba thelathini na moja watakupongeza. Umepewa siku ya kuzaliwa rasmi."

Wartam aliangua kicheko kilichochanganyika na pilipili mpaka akakohoa machozi. Yu Tun alizima jiko. Alinawa mikono mara mbili, akaipangusa, akachukua simu.

Hakuwaandikia watu kwamba amerudi. Alimwambia Darsim achomeke waya kwenye tarakilishi ndogo aliyokuja nayo, na wakaanza kupakua video za Mbah Karsun moja baada ya nyingine, kwenye diski ya Darsim na nyingine ya Bu Retnani, hadi mendoan ikapoa na mafuta yakaganda. Zilipokwisha zote, akafungua ile ya sehemu ya tatu.

Mzee alikuwa amesimama, kiti cha rotani nyuma yake. Mkono ulipanda begani.

"Begani!" Darsim akasema. "Basi, begani."

Yu Tun akafungua nyingine, ya miezi michache baadaye. Sehemu ileile, ngoma ya mdomo ileile. Mkono ulibaki kiunoni. Akafungua ya tatu. Mzee amekaa, mgonjwa, mkono ukaanzia kiunoni, ukapanda, ukasita katikati kama umesahau ulikokuwa unakwenda, na Mbah Karsun akatazama simu na kutabasamu kwa fizi.

Yu Tun alirudisha nyuma akatazama tena. Alikuwa analia, lakini bega lake la kulia lilikuwa limeshaanza kucheza.

"Ni ipi sasa?" Wartam akauliza.

"Waiteni watoto," akasema. "Wote. Wa begani na wa kiunoni."